Jumamosi Mtaani, Duka Jipya Lafunguka

Bajaji yenye kipaza sauti haikai mbele ya nyumba zaidi ya sekunde chache. Anayefua uani akikosa kusikia siku au mahali, tangazo limepotea. Ndiyo maana umbo la shairi la tarbia, lenye mishororo minne ya mizani kumi na sita, linawafaa wenye maduka. Waswahili wengi wamelizoea tangu shuleni, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake.

Tuchukue duka la mfano, la Mangi kama wasemavyo Dar es Salaam, lililo karibu na kisima cha mtaa:

Jumamosi mtaani, duka jipya lafunguka,
Asubuhi milangoni, wenye vikapu kufika,
Unga, mchele, sabuni, na mafuta ya kupika,
Tupo pale kisimani, kwa mwembe uloanguka.

Kazi haikuanza na mshororo wa kwanza. Ilianza na orodha ya bidhaa, kwa kuwa hizo hazibadiliki ili kumridhisha mtunzi. Sabuni ilileta kina cha kati, “ni”, na hapo mambo yakawa mepesi: mtaani, milangoni, kisimani, mahali pote panakubali “ni”. Kina cha “ka” kikapatikana kwenye vitenzi. Sukari haikuleta kina cha “ni” wala cha “ka”, ikaachwa nje ingawa ndiyo inayoulizwa sana dukani.

Mizani huhesabiwa kwa sikio. “Mtaani” ina nne, maana “m” yake hutamkwa peke yake. “Mwembe” ina mbili tu. “Kwa mwembe ulioanguka” ingefika tisa, hivyo “ulioanguka” imefupishwa kuwa “uloanguka”, ruhusa ya siku nyingi kwa washairi. Lakini ruhusa hiyo ina mipaka. Ukifupisha maneno matatu katika mshororo mmoja, mpita njia hatajua unauza nini.

Kosa kubwa zaidi halikuwa la mizani. Rasimu ya kwanza ilisema “Saa moja milangoni”, nane kamili, tamu masikioni. Ila saa moja ipo ya asubuhi na ipo ya jioni! “Asubuhi” nayo ina mizani nne, ikakaa pale pale bila kugusa kitu kingine. Saa yenyewe, jina la duka na bei ya siku hiyo mtangazaji huzitaja kwa maneno ya kawaida mara tu baada ya ubeti. Bei hasa isitiwe ndani: mafuta yakipanda Ijumaa usiku, shairi zima litakuwa limesema uongo.

Kabla ya kukodi bajaji, ubeti hughaniwa mara moja kwa mtu asiyejua habari, kisha anaulizwa: lini, wapi, kuna nini? Akikumbuka vina akasahau kisima, mshororo wa nne unarudi mezani.

Jumamosi ikishapita, mishororo miwili ya kwanza haina kazi tena. Miwili ya mwisho inaweza kuandikwa ukutani, mpaka huo mwembe utakapokatwa kuni.