Pochi Inaposoma Sifuri

Ukiingia kwenye menyu ya M-Pesa ukaambiwa salio lako ni sifuri, huna pa kukata rufaa, kwa sababu aliyekujibu ndiye mwenye daftari na daftari ni hilo moja tu. Pochi ya bitikoini haiendi hivyo. Programu iliyo kwenye simu au kompyuta yako haitunzi hela yoyote. Inatunza funguo za siri, na kila unapoifungua huuliza kompyuta nyingine, yaani seva, ni malipo gani yameingia na kutoka kwenye anwani zako. Tarakimu unayoiona ni jumla ya majibu ya seva hiyo. Seva ikiwa nyuma ya wakati, nawe unaonyeshwa salio la juzi.

Tuichukue Electrum, pochi iliyoanza mwaka 2011 na inayotumika hadi leo. Ni nyepesi kwa makusudi. Daftari zima la bitikoini limeshapita gigabaiti 600, na si watu wengi wenye nafasi ya kulihifadhi nyumbani. Kwa hiyo Electrum huchukua vichwa vya bloku tu, kila kimoja baiti 80, na mambo mengine huyauliza kwenye seva ambazo nyingi zinaendeshwa na watu wanaojitolea. Hapo ndipo penye udhaifu. Diski ya mtu wa kujitolea hujaa, umeme hukatika, programu ya seva hukwama ikipanga kumbukumbu zake, na huenda mwenyewe yuko safarini. Seva inaendelea kupokea maswali na kuyajibu kwa adabu zote, ila majibu yake yameishia pale ilipokwama.

Tuseme kuna mtu mwenye BTC 0.03 katika pochi yake. Mteja anamwambia amemtumia 0.0125 tangu jana, hata risiti ya muamala anayo. Mwenye pochi anafungua, anaona 0.03 ileile. Anazima simu, anawasha, bado. Mawazo ya kwanza ni kwamba mteja ni tapeli, na ya pili ni kwamba pochi imeibiwa. Kabla ya kumgombeza yeyote, kitu cha kutazama ni kimo cha mnyororo, yaani namba ya bloku ya mwisho inayojulikana. Dirisha la mtandao la Electrum linaonyesha namba hiyo, na tovuti yoyote ya kukagua bloku, kwa mfano mempool.space, inayo pia.

Tuseme mtandao mzima umefika bloku ya 840,130, lakini seva ya mtu wetu imesimama kwenye 839,900. Pengo ni bloku 230. Bloku moja huchukua wastani wa dakika kumi, kwa hiyo seva imelala kwa dakika kama 2,300, zaidi kidogo ya saa 38. Malipo ya mteja yaliingia katika bloku ya 840,050. Seva haijafika huko, basi kwake malipo hayo hayajatokea. Salio sahihi ni 0.0425, na mteja ni mwaminifu.

Electrum yenyewe hujaribu kukuonya. Huunganishwa na seva kadhaa kwa pamoja, takriban kumi, ili kupokea vichwa vya bloku, ingawa historia ya anwani zako inaiuliza moja tu. Ikiona hiyo moja imeachwa nyuma na wenzake, huandika chini ya dirisha:

```
Server is lagging (230 blocks)
```

Ukiiachia ichague seva yenyewe, huihama iliyokwama bila kukusumbua. Ndiyo maana tatizo hili huwapata zaidi waliochagua seva kwa mkono, na hasa walioiamuru pochi izungumze na seva moja tu. Hao mara nyingi hufanya hivyo kwa kujali faragha, na wana haki, lakini wameiondolea pochi mashahidi wengine. Haina wa kumlinganisha naye, na inaweza kunyamaza kabisa huku imechelewa. Usichanganye onyo hilo na maneno `Synchronizing...`, ambayo maana yake ni kwamba historia bado inapakuliwa, au `Not connected`, kwamba hakuna seva iliyopatikana. Pochi mpya iliyorejeshwa kwa maneno ya siri inaweza kusoma sifuri katika hali zote mbili, na dawa ya ile ya kwanza ni subira tu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba seva haiwezi kukudanganya sawasawa pande zote. Ikidai kuwa malipo fulani yamo ndani ya bloku, pochi huidai ushahidi: kwa bloku yenye miamala 4,000 hivi, ushahidi huo ni alama 12 za hesabu ambazo lazima ziishie kwenye kichwa cha bloku ambacho pochi tayari inacho. Alama zisipolingana, dai linatupwa. Lakini seva ikisema hakuna kilichoingia, hakuna ushahidi wa kuidai. Kutokuwapo kwa malipo hakuthibitishiki kwa njia hiyo. Kwa hiyo malipo yaliyothibitishwa ndani ya bloku yana uzito, ilhali sifuri ni kauli ya seva moja tu.

Hivyo basi, sifuri itafutiwe shahidi wa pili. Nakili anwani iliyopokea malipo, iweke kwenye tovuti ya kukagua bloku, uone kama fedha zipo. (Mwenye tovuti atajua kuwa kuna mtu anaifuatilia anwani hiyo, asiyetaka hilo abadilishe seva tu.) Fedha zikionekana huko, fungua dirisha la mtandao, chagua seva nyingine au irudishie pochi uhuru wa kuchagua, na salio litajirekebisha. Likigoma, tengeneza faili jipya la pochi kwa maneno yako ya siri ndani ya Electrum ileile, ukiacha faili la zamani mahali pake.

Kama kimo cha bloku kiko sawa na bado unaona sifuri, ugonjwa si wa seva. Linganisha anwani. Ikiwa zamani zako zilianza kwa 1 na sasa pochi inakupa zinazoanza kwa bc1, umeirejesha kwa aina tofauti ya anwani, na hakuna seva itakayokusaidia. Pia Electrum huacha kutafuta baada ya anwani 20 mfululizo zisizotumika. Aliyekuwa akigawa anwani nyingi bila kulipwa anaweza kuwa na fedha mbele ya mpaka huo.

Hofu ya sifuri ina wawindaji wake. Mwishoni mwa mwaka 2018 watu waliweka seva zao wenyewe katika mtandao wa Electrum. Mtumiaji alipojaribu kutuma fedha, seva ilimrudishia ujumbe wa kosa uliomtaka apakue toleo jipya kutoka kwenye kiungo. Toleo hilo lilikuwa la wezi, na waliolisakinisha walikombwa. Matoleo ya kabla ya 3.3.4 bado yako wazi kwa hila hiyo, basi kama unalo, chukua jipya kutoka electrum.org na si kwingine.

Siku hizi wengine hujitokeza kwenye makundi ya WhatsApp na Telegramu, wakijiita mafundi wa kusawazisha pochi. Kusawazisha hakuhitaji maneno yako 12, kwa kuwa seva huulizwa kuhusu anwani tu, kamwe si funguo. Anayekuomba maneno hayo ni mwizi, umfungie papo hapo.