Ukikataa Video, Mtambo Husikia Nini?

Tarehe 31 Machi 2023 kampuni ya Twitter, ambayo sasa inaitwa X, iliweka hadharani sehemu kubwa ya msimbo unaochagua machapisho ya kumwonyesha kila mtumiaji. Siku chache baadaye ikaongeza jedwali dogo la namba. Mitandao mikubwa haina kawaida ya kutoa siri za namna hii, ndiyo maana jedwali lile linafaa kusomwa hadi leo: linaonyesha neno "sitaki" lilikuwa na uzito gani mbele ya neno "napenda".

Kazi yenyewe ilifanyika hivi. Kabla ya kukuletea chapisho, mtambo ulikisia utalifanyia nini. Je, utalipenda? Utalisambaza? Utalijibu? Au utamnyamazisha aliyeliandika, umzuie, uombe usiletewe mengi ya aina hiyo, au uliripoti kabisa? Kila kisio lilizidishwa kwa uzito wake, kisha yote yakajumlishwa kuwa alama moja. Chapisho lenye alama kubwa ndilo lililokaa juu. Kupenda kulikuwa na uzito wa 0.5, kusambaza 1, kujibu 13.5. Kukataa kulikuwa na hasi 74, na kuripoti hasi 369.

Mtu akiziona namba hizo anaweza kudhani kwamba kila "sitaki" moja ilifuta "napenda" 148. Sivyo. Uzito ulizidishwa kwa uwezekano, na uwezekano wa mtu kukataa ni mdogo sana, kwa kuwa wengi wetu tukichukizwa na kitu tunakipita tu. Wahandisi wenyewe walieleza kwamba hapo mwanzo uzito ulipangwa ili kila tendo lichangie kiasi kinachokaribiana katika alama, na baadaye ukawa unarekebishwa mara kwa mara. Tendo lililo nadra lilipewa namba kubwa ili lisikike.

Tuchukue mfano wa kubuni. Chapisho fulani lina uwezekano wa asilimia 4 wa kupendwa nawe, asilimia 1 wa kusambazwa na asilimia 1 wa kujibiwa. Ukizidisha na kujumlisha unapata 0.165. Sasa mtambo ukikisia kwamba katika watu elfu moja wa aina yako wawili watalikataa, inatoka 0.148, na chapisho linabakiwa na 0.017, yaani karibu na sifuri. Wakiwa watatu, inatoka 0.222 na alama inashuka chini ya sifuri. Mtu mmoja tu katika elfu ndiye anayetofautisha chapisho linaloambulia nafasi na lile linalozama. Na kwa kuwa makisio hayo hufunzwa kwa matendo ya watu waliopita, mkono wako unapokataa unagusa pia ukurasa wa mtu usiyemjua.

Msimbo ule ulikuwa na sehemu nyingine ambayo haikuzungumzwa sana. Ukiomba kuona machache ya mwandishi fulani, aliondolewa kwenye mapendekezo yako kwa siku 14. Baada ya hapo alirudi akiwa na alama zilizokatwa hadi sehemu ya tano, kisha zikapandishwa kwa hatua mpaka siku ya 140, alipohesabiwa kama mwandishi mwingine yeyote. Kukataa kulikuwa na tarehe ya mwisho, na aliyekataa hakuambiwa.

Lakini vitufe ni sehemu ndogo ya mambo. Ishara nyingi za kukataa hutolewa kimya kimya, bila mtu kukusudia. Mwaka 2016 wahandisi wa YouTube waliandika kwamba video ikipendekezwa kwako usipoifungua, mfumo huishusha utakapofungua tena ukurasa. Ukiifungua ukatoka mapema, muda ulioutumia nao unahesabiwa, kwa sababu tangu mwaka 2012 mtandao huo uliacha kutegemea idadi ya kubofya ukaupa nguvu muda wa kutazama.

Ugumu ni kwamba kutoka mapema kuna maana nyingi. Mama anayepika wali wa nazi anatafuta kipimo cha tui. Anakipata katika sekunde ya 20, anafunga simu na kurudi jikoni akiwa ameridhika kabisa. Kijana mwingine anatoka sekunde ile ile kwa sababu video imemchosha. Wa tatu ameishiwa bando. Kwa kuangalia muda peke yake, mtambo unaona sekunde 20 tatu zinazofanana. Na kinyume chake kipo: mtu anaweza kuitazama video ya ajali mpaka mwisho huku moyo unamuuma, akahesabiwa kuwa mtazamaji mwema. Mwaka 2021 Cristos Goodrow, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa uhandisi wa YouTube, alieleza kwamba ndiyo maana huwauliza baadhi ya watazamaji waipe video nyota kuanzia moja hadi tano, na kwamba ni zile zilizopata nne au tano tu ambazo muda wake huhesabiwa kuwa na thamani. Wachache hujibu, kwa wengine wote, mtambo hukisia jibu.

Je, kubofya kitufe kunamsaidia mtu kiasi gani? Mwaka 2022 taasisi ya Mozilla ilichapisha utafiti uliohusisha watu 22,722 waliojitolea kuweka programu ndogo kwenye vivinjari vyao. Programu hiyo iliongeza kitufe cha kukataa juu ya video za YouTube. Mtu alipokibonyeza, kundi moja lilituma kwa YouTube ishara ya "Not interested", jingine "Dislike", jingine "Don't recommend channel", jingine likafuta video kwenye historia, na kundi la kulinganishia halikutuma chochote. Watafiti wakaangalia ni mara ngapi video zinazofanana na ile iliyokataliwa zilirudi.

Ukilinganisha na wasiotuma ishara yoyote, "Not interested" ilizuia asilimia 11 tu ya mapendekezo yasiyotakiwa, na "Dislike" asilimia 12. Kufuta kwenye historia kulizuia asilimia 29. "Don't recommend channel" ndiyo iliyoongoza, kwa asilimia 43. Washiriki walijitolea wenyewe, kwa hiyo hawawakilishi watazamaji wote duniani, lakini pengo kati ya 11 na 43 si dogo.

YouTube ilijibu kwamba vitufe vyake havikukusudiwa kuzuia mada nzima wala mtazamo mzima, maana kufanya hivyo kungemfungia mtu asikie sauti za aina moja tu. Hoja hiyo ina uzito, lakini mtazamaji anastahili kuelezwa hilo waziwazi. Anayebonyeza "Not interested" juu ya video ya ajali anakusudia ajali zote; mtambo unapokea habari za video moja, huku saa zake nyingi za kutazama zikiendelea kusema mengine. Chaneli ina mpaka unaojulikana, hivyo ni rahisi kuitii amri ya kuiacha. Hata hivyo, chaneli nyingine ikipakia picha zile zile, amri haimhusu.

Kwa hiyo anayeandamwa na video asizozitaka asiishie kwenye kitufe cha kwanza. Abonyeze nukta tatu kando ya video na achague "Don't recommend channel", kisha afungue historia yake ya kutazama na kufuta zile zilizoanzisha mfululizo huo, hasa alizozitazama mpaka mwisho.