Barua Pepe ya Mauzo Inayojibika

Barua pepe ya mauzo iliyojaa majigambo huandikwa upya kwa kuanza na swali moja: bidhaa hii inamfanyia nini mtu atakayeisoma? Chukua mfano wa kampuni inayouza programu ya hesabu za ada, inayomwandikia mhasibu wa shule binafsi asiyeifahamu:

“Sisi ni kinara wa suluhisho bunifu na jumuishi za kidijitali zinazoleta mageuzi katika mnyororo wa thamani wa elimu. Shule makini haiwezi kubaki nyuma. Tupangie muda wiki hii tukuoneshe mnachokosa.”

Mhasibu akimaliza kusoma, bado hajui kinachouzwa ni nini. Maneno “bunifu” na “jumuishi” yangeweza kubandikwa hata kwenye tangazo la matrekta. Sentensi ya pili inamtukana kimyakimya, na ya tatu inampangia kazi kabla hajakubali lolote.

Kwa hiyo kila neno la sifa huulizwa linasimamia kitendo gani. Lisilo na kitendo hufutwa. Hapa, chini ya “suluhisho jumuishi” kuna jambo moja la kweli: kila mwanafunzi hupewa namba yake ya malipo. Jambo hilo linagusa kero ambayo mhasibu anaijua vizuri, kwani mzazi akilipa kwa simu, mara nyingi muamala huja na jina la mzazi, si la mtoto. Barua huanzia kwenye kero hiyo:

“Habari za kazi. Ada ikilipwa kwa simu, ni vigumu kujua ni ya mtoto yupi. Programu yetu humpa kila mwanafunzi namba yake ya malipo, na fedha huandikwa kwenye jina lake zinapoingia. Shule yenye wanafunzi wasiozidi 400 hulipa shilingi 150,000 kwa muhula. Haishughulikii mishahara. Je, hapo kwenu malipo haya bado yanalinganishwa kwa mkono?”

Kujiamini kwa barua hii kumo katika bei iliyotajwa waziwazi na katika kukiri kisichofanyika. Muuzaji anayejishusha kwa “samahani kwa usumbufu” na “huenda ikakufaa” hudhoofisha maelezo hayohayo. Swali la mwisho nalo hujibika kwa neno moja, tena bila kumfunga mhasibu kwa mkutano.

Kichwa cha barua hufuata njia hiyohiyo. Kwenye simu huonekana maneno machache tu ya mwanzo, hivyo “Ada isiyo na jina la mwanafunzi” hufaa kuliko “Fursa ya kipekee”.

Lugha nyepesi haiwezi kuziba pengo la taarifa. Ikiwa shule hiyo hupokea ada benki pekee, kwa hati zenye jina la mtoto, kero iliyotajwa si yake, na barua itapuuzwa hata ikiandikwa vizuri namna gani. Hilo huulizwa kwanza, kabla ya kuandika.