HbA1c Isipoaminika: Ushahidi wa Majuma Matatu

Katika aila nyingi za mwambao kuna angalau mmoja aishiye na kisukari, na kila baada ya miezi mitatu hurudi kutoka kliniki na karatasi ya maabara iliyoandikwa HbA1c. Namba hiyo ndiyo itegemewayo kuamua kama dawa ziongezwe, zipunguzwe au ziachwe zilivyo. Lakini hutokea mara nyingine namba ikasema mgonjwa ni mzuri, hali mashine ya kupimia sukari nyumbani yasema kinyume. Hapo watu wa nyumbani hujiuliza ni ipi iaminiwe. Makala haya yaeleza sababu moja kubwa ya mgongano huo, na kipimo kingine kiwezacho kuuamua.

Sukari iliyomo katika damu hushikamana na protini pasipo kuamrishwa na kitu chochote. Inapokuwa nyingi, protini nyingi zaidi hushikwa nayo. Protini ichunguzwayo katika HbA1c ni himoglobini, ile ibebayo hewa safi ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, na sukari iliyokwisha kushikamana imara na himoglobini yake hubaki nayo mpaka ife. Kwa hivyo maabara ikipima ni asilimia ngapi ya himoglobini imeshikwa na sukari, huwa inasoma habari za miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Miezi hiyo haina uzito sawa. Takriban nusu ya namba yatokana na mwezi wa mwisho, na nusu ya pili yatokana na ile iliyotangulia.

Hesabu hii yote imesimama juu ya sharti moja: chembe iwe imeishi umri wake wa kawaida. Chembe ikifa mapema, huwa haikupata muda wa kukusanya sukari, na HbA1c hutoka ndogo kuliko ukweli. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao chembe zake huvunjika baada ya majuma machache tu. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyepoteza damu nyingi, aliyeongezewa damu ya mtu mwingine, au adungwaye sindano za erithropoietini, dawa iuhimizayo uboho kutoa chembe mpya. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, waweza kuipandisha HbA1c hata kama sukari haikupanda. Ama mwenye kurithi chembechembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, kama walivyo watu wengi wa pwani yetu, chembe zake huishi karibu umri wa kawaida. Kwake yeye swali kubwa ni la mtambo wa maabara, kwani baadhi ya njia za kupima huchanganywa na himoglobini hiyo na nyingine hazichanganywi. Yafaa amwarifu daktari hali yake kabla ya kupimwa.

Tuchukue mfano tulioutunga ili jambo lionekane. Mzee wa miaka 58 ana kisukari, na figo zake zimedhoofika hata akawa anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa juma. Hudungwa erithropoietini kila juma, na majuma matatu nyuma aliongezewa chupa mbili za damu. HbA1c yake imetoka asilimia 6.1. Kwa mlinganyo utumiwao na madaktari, namba hiyo ni sawa na wastani wa sukari wa 7.1 mmol/L. Binti yake, ambaye humpima asubuhi na jioni na kuandika daftarini, amepata wastani wa 12. Wastani wa 12 ungelipaswa kuleta HbA1c ya asilimia 9.2 hivi. Tofauti hii si ndogo. Akifuatwa wa kwanza, insulini yapaswa kupunguzwa. Akifuatwa wa pili, yapaswa kuongezwa.

Mtu angesema mara moja kuwa daftari ndilo lenye haki, kwa kuwa chembe za mzee huyu ni changa na nyingine si zake. Lakini hata mashine ya nyumbani ina lawama yake. Himoglobini ya mzee ni 8.6 g/dL, yaani damu yake ni nyepesi, na mashine nyingi za kidoleni husoma sukari juu kuliko ilivyo pale chembe nyekundu zinapokuwa chache katika tone. Basi mashahidi wote wawili wana shaka, na shaka yao yatoka mahali pamoja: upungufu wa chembe nyekundu. Anahitajika shahidi wa tatu asiyehusiana na chembe hizo kabisa.

Shahidi huyo hupatikana katika maji ya damu, yale yabakiayo baada ya chembe kuondolewa. Humo mna protini nyingi, na iliyo nyingi kuliko zote ni albumini, itengenezwayo na ini. Nazo hushikwa na sukari kama himoglobini ishikwavyo. Protini zote za maji ya damu zilizoshikwa na sukari, zikihesabiwa kwa jumla, huitwa fruktosamini. Jina lisimchanganye msomaji: si kipimo cha sukari ya matunda, na aliyekula embe jana hatakipandisha kwa ajili ya embe. Damu hutolewa mkononi kama kawaida, wala mgonjwa halazimiki kufunga kula.

Muda ambao fruktosamini huusimulia ni mfupi. Mwili huifanya upya albumini haraka, hata nusu ya iliyopo leo huwa imeondoka baada ya siku 20 hivi. Kwa sababu hiyo fruktosamini husema habari za majuma mawili hadi matatu yaliyopita, basi. Haijui yaliyotokea miezi miwili nyuma.

Mzee wetu alipopimwa, fruktosamini yake ilikuwa 430 µmol/L. Katika maabara nyingi kiwango cha asiye na kisukari ni baina ya 200 na 285. Albumini yake ilipimwa pamoja nayo, ikawa 38 g/L, nayo ni ya kawaida, kwa hivyo namba ya fruktosamini yaweza kusomwa bila hofu kubwa. Kuna hesabu ya kukadiria ni HbA1c gani ingelingana nayo: zidisha fruktosamini kwa 0.017, kisha ongeza 1.61. Kwa 430 jawabu ni 8.9. Makadirio haya si mizani ya dhahabu, lakini yatosha kuonyesha upande wa ukweli. Asilimia 8.9 i karibu sana na 9.2 ya daftari, na i mbali na 6.1 ya karatasi. Binti alikuwa akiandika sawa, na mashine yake, kama ilizidisha, ilizidisha kidogo.

Daktari basi hapunguzi insulini. Huiongeza, lakini kwa vipimo vidogo, kwa kuwa figo zilizodhoofika huchelewa kuiondoa insulini mwilini, na sukari yaweza kuanguka ghafla usiku. Hapa ufupi wa muda wa fruktosamini hugeuka kuwa faida. Baada ya majuma matatu inapimwa tena na kutoka 372, ambayo kwa hesabu ile ile ni 7.9. Imejulikana kwamba njia ni sahihi, bila kungoja miezi mitatu.

Hata hivyo shahidi huyu naye ana masharti. Fruktosamini huhesabu wingi wa protini zilizoshikwa. Protini zenyewe zikipungua, nayo hupungua hata kama sukari i juu. Mwenye kisukari ambaye mkojo wake watoa povu na miguu imevimba huenda anapoteza albumini kwa mkojo. Albumini yake ikiwa 24 g/L na fruktosamini 240, namba hiyo ya pili yafurahisha machoni tu. Albumini ikishuka chini ya 30 g/L, fruktosamini isitegemewe. Ini lililoharibika huleta shida hiyo hiyo. Tena, kwa kuwa kipimo hiki mara nyingi husomwa kwa mabadiliko ya rangi, damu ya mwenye manjano, au ya mtu aliyekunywa vitamini C kwa wingi, yaweza kuivuruga.

Kwa ajili hiyo kuna ndugu yake wa karibu: kipimo cha albumini iliyoshikwa na sukari. Hiki hakihesabu protini zote. Huuliza ni asilimia ngapi ya albumini yenyewe imeshikwa. Kwa kuwa ni uwiano, albumini kuwa chache au maji ya mwili kuongezeka na kupungua, kama itokeavyo kwa wasafishwao damu, hakukiyumbishi kwa urahisi. Muda wake ni ule ule wa majuma mawili hadi matatu. Kwa asiye na kisukari huwa asilimia 11 hadi 16 hivi, na kwa kukadiria huwa kama mara tatu ya HbA1c. Kimetumiwa sana Japani, ambako mwongozo wa mwaka 2012 wa madaktari wa usafishaji damu ulipendekeza kiwe chini ya asilimia 20, na chini ya 24 kwa wenye historia ya maradhi ya moyo na mishipa ambao sukari yao huanguka mara kwa mara. Lakini albumini ikivuja kwa kasi, ile iliyobaki damuni huwa changa, na asilimia hii nayo hushuka pasipo haki. Ni hadithi ile ile ya chembe iliyokufa mapema. Tezi ya shingoni ifanyayo kazi kupita kiasi hukishusha vilevile, na iliyolegea hukipandisha.

Muda mfupi pia una hasara zake. Mgonjwa aliyejizuia kwa majuma mawili kabla ya kliniki ataonekana safi, ingawa miezi miwili ya nyuma ilikuwa mibaya. Na aliyeugua homa kali juma lililopita ataonekana vibaya kuliko desturi yake. Lakini palipo na swali la muda mfupi, ndicho kinachofaa. Mtu aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga Ramadhani, akabadilishiwa saa za dawa, akitaka kujua mpango ule ulimfaaje, HbA1c ya siku za Idi itamchanganyia Ramadhani na Shaabani na Rajabu. Fruktosamini iliyopimwa mwisho wa mwezi itamsimulia funga peke yake.

Hakuna kati ya vipimo hivi viwili kinachotumiwa kumtangaza mtu kuwa ana kisukari, na ushahidi unaofungamanisha HbA1c na madhara ya macho, figo na mishipa ni mkubwa zaidi. Kwa mwenye damu yenye afya, HbA1c yabaki ndiyo kipimo. Ila aila ambayo mgonjwa wake ana selimundu, asafishwa damu, au ameongezewa damu katika miezi mitatu iliyopita, imwambie daktari hayo kabla ya HbA1c kusomwa, imwonyeshe daftari la nyumbani, na iulize kama fruktosamini yaweza kupimwa. Nayo ikipimwa, albumini ipimwe kwa damu ile ile, siku ile ile.