Tarakimu moja ikisomeka vibaya stoo

Kopi ya tatu ya hati ya mzigo ikifika stoo, wino umeshafifia. Mtunza stoo akiipitisha kwenye skana, mashine inasoma 6200123456732. Ukiitafuta kwenye rejesta ya bidhaa, hakuna. Hapo ndipo wengi huchagua bidhaa yenye namba inayofanana, wakaendelea na kazi.

Msimbomilia wa tarakimu 13 una kinga yake. Tarakimu 3 za mwanzo, 620, zinaonyesha kuwa namba imetolewa Tanzania. Ya mwisho ni ya ukaguzi. Kuanzia kushoto, zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, hivyo hivyo hadi ya 12. Jumlisha, kisha ongeza ya 13. Jumla isipoishia na sifuri, kuna kosa. Namba yetu hii ya mfano inatoa 75.

Kosa tumelijua, ila mahali lilipo bado. Kwenye wino uliofifia, 8 husomeka kama 3, na namba hii ina 3 mbili. Ukirudisha 8 kwenye ile ya mwisho, unapata 6200123456782, jumla 90. Ukiirudisha kwenye ile ya kwanza, unapata 6200128456732, jumla 80. Zote mbili zinakubalika! Tuseme kwenye rejesta moja ni sabuni na nyingine ni biskuti za msambazaji mwingine. Hesabu imefika mwisho wake. Kinachoamua sasa ni oda. Kama msambazaji aliyeleta mzigo aliagizwa sabuni, katoni 40, na hati inasema 40, ni sabuni.

Namba iliyokatwa ina mtego wake. Hati ikionyesha 620012345678, tarakimu ni 12. Huenda sifuri ya mbele imemezwa na Ekseli, au printa imekata ya mwisho. Jaribu yote mawili. Ukiweka sifuri mbele, ukaguzi unadai namba iishie na 0, nayo inaishia na 8, kwa hiyo dhana hiyo inaanguka. Iliyopotea ni ya mwisho, na hesabu inasema ni 2. Lakini kwa bahati tu, namba moja kati ya kumi iliyokatwa mwisho itafaulu jaribio la sifuri, kwa hiyo hata hapo oda haikwepeki.

Kuna kosa ambalo ukaguzi haulioni kabisa: tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa 5, mfano 2 na 7, zikibadilishana nafasi. Hutokea zaidi mtu anapoandika namba kwa mkono.

Kwa hiyo wenye stoo, msiruhusu mfumo usahihishe namba kimyakimya. Hifadhini namba kama ilivyosomwa, kando yake iliyosahihishwa na jina la aliyeikubali. Oda ikishindwa kuamua, fungueni katoni mskani bidhaa yenyewe kabla hamjasaini hati.