Redio Iliuza Unga, au Ramadhani?

Kampuni kubwa ya unga wa ngano haiwezi kujua nani alisikia tangazo redioni kisha akaenda dukani. Mnunuzi hulipa taslimu wala haachi jina. Ilicho nacho kampuni ni mauzo ya kila wiki na ankara za redio, runinga na mabango. Modeli ya mchanganyiko wa matangazo huanzia hapo. Huchukua takwimu za wiki za miaka miwili au mitatu, pamoja na bei na misimu, ikakadiria mauzo ambayo yangekuwepo hata bila matangazo na yale yaliyoletwa na kila chombo.

Modeli hiyo huzingatia kwamba nguvu ya tangazo haiishi wiki lilipotoka. Tuseme nusu yake hubaki kila wiki: tangazo lililoleta mifuko 100 wiki ya kwanza huleta 50 ya pili, 25 ya tatu, na jumla hukaribia 200. Huzingatia pia kwamba chombo hushiba. Fedha unazoongeza redioni baada ya kutumia nyingi huwafikia watu walewale waliokwisha kulisikia tangazo, kwa hiyo mwenye bajeti kubwa aulize shilingi inayofuata italeta nini, asitosheke na wastani wa zilizotangulia.

Kazi ngumu huja Ramadhani. Unga hununuliwa kwa wingi, na kampuni nayo huongeza matangazo wiki zilezile kila mwaka. Mambo mawili yakipanda na kushuka pamoja daima, hesabu haiwezi kuyatenganisha. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, hivyo wiki zake lazima ziwekewe alama zenyewe; kutaja mwezi hakutoshi. Hata hivyo, bajeti ikisogea nayo, mkanganyiko unabaki. Dalili yake ni hii: ondoa miezi michache ya takwimu, urudie hesabu, uone mchango wa redio ukiruka kutoka asilimia 5 hadi 20. Modeli inaweza kutabiri mauzo vizuri sana na bado ikaipa redio sifa ya Ramadhani.

Tiba ninayoiamini ni jaribio la mikoa. Kampuni isitishe matangazo katika redio za Mwanza na Shinyanga kwa wiki sita, iyaendeleze katika mikoa yenye mwenendo wa mauzo unaofanana. Ipime unga unaotoka kwa mawakala kwenda madukani, kwa sababu mawakala hujaza maghala kabla ya mfungo na takwimu za kiwandani zitapotosha wiki. Tuseme modeli ilidai redio huleta asilimia 12 ya mauzo, lakini mikoa iliyonyamazishwa ikashuka kwa 4 tu ikilinganishwa na mingine. Hesabu irudiwe ikiwa imefungwa karibu na hiyo 4, ikiachiwa nafasi ya nguvu iliyobaki ya matangazo ya awali. Redio za kitaifa zitakazoendelea kusikika Mwanza hazimo katika jibu hilo. Nazo zinahitaji jaribio lao.