AS si SS: kusoma karatasi ya damu mbele ya kuzaa

Bibi na bwana wanaotaka kuzaa walituletea karatasi mbili za labo. Zote ziliandikwa «Emmel pozitifu», nao wakaogopa kwamba wote wawili ni wagonjwa wa drepano. Lakini kipimo cha Emmel huonyesha tu kwamba chembe za damu zinaweza kujikunja kama mundu. Hakitenganishi mbebaji na mgonjwa. Tukawaomba wafanye elektroforezi. Ikatoka AS kwa bwana, AS kwa bibi.

Kila mtu hupokea herufi moja kwa baba, moja kwa mama. AS ni mbebaji: hana ugonjwa, wala AS haigeuki SS. Mgonjwa ni SS.

Kwa AS wawili, kila mimba ina nafasi 4: moja AA, mbili AS, moja SS. Mtoto wa kwanza akiwa SS, mimba ya pili haipati msamaha. Hesabu inaanza upya. Kama mmoja wao angekuwa AA, wasingezaa SS.

Tunaomba pamoja nao, na hesabu hii hatukuwaficha. Wakizaa, mtoto apimwe mapema, ili akiwa SS aanze penisilini mbele ya homa kumkamata.